Kilo Mbili kwa Tatu

Mkaushaji wa samaki wa pwani aliye karibu na mashamba ya chumvi ana aina mbili za maji ya chumvi. Ya kwanza ni ya bahari, ambayo huwa na chumvi gramu 35 hivi katika kila kilo, yaani asilimia 3.5. Ya pili ni yale ya kwenye pipa, yaliyomwagiwa chumvi na kukorogwa hadi nyingine ikabaki chini bila kuyeyuka. Hayo yameshiba. Yana takriban asilimia 26 ya chumvi, na hata ukiongeza gunia zima hayatapanda.

Sasa anataka kilo 50 za maji ya asilimia 12.5, ya kulowekea samaki kabla ya kuwatia moshi. Achukue kiasi gani kutoka kila upande?

Wengi hukimbilia kuchanganya nusu kwa nusu. Nusu kwa nusu hutoa katikati ya 3.5 na 26, yaani 14.75, na samaki watakuwa wakali kuliko alivyotaka. Njia ya uhakika ni kuhesabu chumvi yenyewe, kwa sababu katika kuchanganya haizaliwi wala haipotei.

Tuanze na kilo moja ya maji ya bahari. Tunataka iwe na gramu 125 za chumvi, lakini ina 35 tu, kwa hiyo imepungukiwa gramu 90. Kilo moja ya maji yaliyoshiba ina gramu 260, kwa hiyo imezidi gramu 135. Kazi yote ni kulipa pungufu kwa ziada. Kilo 3 za bahari zimepungukiwa gramu 270. Kilo 2 za maji yaliyoshiba zina ziada ya gramu 270. Hesabu imelipana. Kwa kilo 50, basi, ni kilo 30 za bahari na kilo 20 za pipani.

Tuhakikishe. Kilo 30 za bahari zina chumvi kilo 1.05, na kilo 20 za pipani zina kilo 5.2. Jumla ni kilo 6.25, na hiyo ndiyo asilimia 12.5 ya kilo 50. Mwanafunzi wa sekondari angeyaandika hayo hivi, x ikiwa ni kilo za maji yaliyoshiba:

```
0.26x + 0.035(50 − x) = 6.25
x = 20
```

Njia ni ileile, ila mimi naipendelea ile ya pungufu na ziada, kwa kuwa inaonyesha sababu. Inaonyesha pia mpaka wake: lengo lazima liwe kati ya nguvu za maji hayo mawili. Anayetaka asilimia 2 hataipata kwa maji hayo hata akichanganya mchana kutwa, maana hakuna upande uliopungukiwa, wote wamezidi. Atahitaji maji baridi.

Kosa linalowapata hata wanaojua hesabu liko kwenye ndoo. Asilimia zetu ni za uzito, ilhali ndoo hupima ujazo. Lita moja ya maji ya bahari ina kilo 1.025 hivi, lakini lita moja ya maji yaliyoshiba inakaribia kilo 1.2. Ukichota lita 20 za pipani na lita 30 za bahari, umechukua kilo 24 za makali badala ya 20, na mchanganyiko unafika asilimia 13.4 hivi. Asiye na mizani achote lita 16.7 za pipani na lita 29.3 za bahari. Achote maji maangavu ya juu, asiguse chembe zilizolala chini, kwani zikiingia ndooni zitayeyuka baadaye na kuharibu hesabu.

Uzito huohuo ndio unaoyafanya maji makali yazame yakimiminwa taratibu juu ya mepesi. Ukionja au kupima kwa juu kabla ya kukoroga, utadhani chumvi haitoshi, uongeze bure. Koroga mpaka chini, ndipo upime.

Wapo wanaopima kwa yai. Yai bichi lililotagwa karibuni huelea maji yanapofika takriban asilimia 11 au 12, kwa hiyo kipimo hicho kina msingi. Lakini yai likikaa, unyevu hutoka kwenye ganda na hewa kuingia, nalo huelea mapema zaidi, hata katika maji hafifu. Yai la wiki tatu litakudanganya.

Baada ya samaki kutoka, maji hayawi yaleyale. Samaki wamefyonza chumvi na kuachia maji yao. Tuseme zimebaki kilo 45, zenye asilimia 9.5. Kila kilo imepungukiwa gramu 30, jumla gramu 1,350. Kilo moja ya maji yaliyoshiba hulipa 135, kwa hiyo kilo 10 zinatosha. Ila kama maji yana damu na utelezi, yamwagwe. Chumvi ya kuongeza haiyasafishi.