Miaka mitano na miezi mitatu: kodi, ukarabati na haki ya kujitoa katika pango la biashara nchini Kenya

Mpangaji anayekabidhiwa rasimu ya mkataba wa duka au ofisi jijini Nairobi au Mombasa mara nyingi hukuta kwamba muda uliopendekezwa si miaka mitano kamili, bali ni miaka mitano na miezi mitatu, au sita. Miezi hiyo ya ziada haikuwekwa kwa bahati. Sheria ya Wenye Nyumba na Wapangaji wa Maduka, Hoteli na Mikahawa, ambayo ni Sura ya 301 ya sheria za Kenya na ilitungwa mwaka 1965, inautambua upangaji wa majengo ya aina hiyo kuwa upangaji unaodhibitiwa, yaani ule ambao masharti yake hayabadilishwi wala kukomeshwa ila kwa utaratibu wa sheria yenyewe, iwapo haukuandikwa, au umeandikwa kwa muda usiozidi miaka mitano. Mkataba ulioandikwa kwa miaka mitano na miezi mitatu huvuka mpaka huo, na anayeutia saini hubaki na ulinzi ule tu alioweza kujadiliana na kuuandika.

Ipo njia nyingine ya kuingia katika udhibiti, na wapangaji wengi hawaifahamu. Hata mkataba wa miaka sita huwa upangaji unaodhibitiwa endapo una kifungu kinachoruhusu uvunjwe ndani ya miaka mitano tangu uanze kwa sababu isiyokuwa ukiukaji wa masharti. Kifungu cha kujitoa, ambacho humpa mhusika haki ya kuondoka kwa notisi kabla muda haujaisha bila kuhitaji kuthibitisha kosa la mwenzake, ni kifungu cha namna hiyo hasa. Ndiyo maana wakili wa mwenye jengo hukifuta kila mpangaji anapokiomba, na mpangaji asiyejua sababu hudhani kwamba amekutana na ukaidi mtupu, ilhali anachokataliwa ni Sura ya 301 nzima.

Tofauti hiyo huonekana wazi zaidi katika mapitio ya kodi, maana yake utaratibu wa kubadilisha kiasi cha kodi ya pango wakati mkataba ungali hai. Katika upangaji unaodhibitiwa, mwenye jengo anayetaka kuongeza kodi hulazimika kutoa notisi kwa fomu iliyowekwa na sheria, na notisi hiyo haiwezi kuanza kufanya kazi kabla ya miezi miwili kupita tangu mpangaji aipokee. Barua ya kawaida au ujumbe wa simu hautoshi. Mpangaji asiyekubali hutakiwa kumjulisha mwenye jengo kwa maandishi ndani ya mwezi mmoja, kisha apeleke shauri kwenye Baraza la Kodi ya Majengo ya Biashara kabla ya tarehe ya notisi kuwadia. Baraza hutazama kodi ambayo jengo lingepata katika soko huria, bila kuhesabu thamani iliyotokana na sifa ya biashara ambayo mpangaji mwenyewe ameijenga mahali hapo, na likishakadiria kodi, notisi nyingine kuhusu jambo hilo haitolewi hadi miaka miwili ipite. Hata hivyo ulinzi huu haumfikii anayenyamaza, kwa kuwa notisi halali isiyojibiwa wala kupelekwa barazani hutekelezwa kama ilivyoandikwa.

Nje ya udhibiti, kinachotawala ni maneno ya mkataba, na hapo hesabu inastahili kufanywa kabla ya saini. Achukuliwe mpangaji wa duka la vipuri anayeanza kwa kodi ya shilingi 100,000 kwa mwezi katika mkataba wa miaka sita. Kodi ikipanda kwa asilimia 10 kila baada ya miaka miwili, atalipa 110,000 kuanzia mwaka wa tatu na 121,000 kuanzia mwaka wa tano, na jumla ya miaka yote sita itakuwa shilingi 7,944,000. Ikipanda kwa asilimia 7.5 kila mwaka, kiwango kinachosikika kuwa kidogo, kila ongezeko hupigwa juu ya ongezeko lililotangulia, hivyo kodi ya mwaka wa sita hufika karibu 143,600 kwa mwezi na jumla hukaribia shilingi 8,693,000. Pengo hilo la takriban shilingi 749,000 linazidi kodi ya miezi saba ya mwanzo, na limefichwa na asilimia iliyo ndogo. Iwapo mkataba unasema kodi itapitiwa kwa kufuata soko, mpangaji achunguze kama inaweza kushuka pia, kwa sababu vifungu vingi huandikwa ili kodi ipande au ibaki palepale tu.

Katika ukarabati, Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 inaanza kwa mgawanyo wa haki: pale sehemu tu ya jengo inapopangishwa, mwenye jengo ndiye anayewajibika kutunza paa, kuta za nje na kuta kuu, mifereji mikuu ya majitaka na maeneo ya pamoja, naye mpangaji hutunza sehemu yake na kuirudisha ilivyokuwa, isipokuwa kwa uchakavu wa kawaida. Lakini anayekarabati si lazima awe ndiye anayelipa, kwani mikataba mingi humrudishia mpangaji gharama hizo kupitia ada ya huduma, yaani mchango wa kila mpangaji katika uendeshaji wa jengo. Paa likivuja, mwenye jengo humleta fundi na bili hugawanywa. Kwa hiyo mpangaji anayesoma kifungu cha ukarabati bila kusoma ufafanuzi wa ada ya huduma amesoma nusu tu ya wajibu wake, na ni vyema adai kwamba ujenzi mpya wa paa au ununuzi wa lifti mpya usiingizwe katika ada hiyo.

Sheria hiyohiyo inaeleza pia kwamba kulitunza jengo katika hali nzuri ni kulitunza kama mmiliki mwenye busara angelitunza, kwa kuzingatia umri, aina na eneo lake wakati lilipoanza kupangishwa, na kwamba jengo lililopokewa likiwa bovu halimlazimu mtu kuliacha likiwa bora kuliko alivyolikuta, ila pale mkataba unaposema vingine. Ugumu ni kuthibitisha lilivyokuwa miaka sita iliyopita. Taarifa ya hali ya jengo, yenye picha za kila ufa, kila doa la unyevu na kila swichi iliyokufa, ikitiwa saini na pande zote mbili siku ya kukabidhiwa funguo na kuambatishwa kwenye mkataba, ndiyo ushahidi utakaookoa amana siku ya kuondoka.

Mpangaji aliye nje ya udhibiti na asiye na kifungu cha kujitoa anayelazimika kufunga biashara katika mwaka wa tatu anaweza kudaiwa kodi ya muda uliosalia. Njia zake ni kuhamisha mkataba kwa mwingine au kupangisha upya kwa ridhaa ya mwenye jengo, ambayo kisheria haipaswi kukataliwa bila sababu ya maana, ama kukubaliana naye juu ya fidia ya kuachiliwa. Kinachoweza kupatikana bila kumwingiza mwenye jengo katika Sura ya 301 ni haki ya kujitoa inayoanza kutumika baada ya mwaka wa tano kuisha. Hata hiyo hubatilika kirahisi, kwa sababu masharti yake hutakiwa kutimizwa barabara, na iwapo mojawapo linadai kwamba mpangaji awe ametimiza wajibu wake wote, rangi iliyobanduka ukutani inaweza kutajwa kuwa sababu ya kuikataa notisi iliyotolewa kwa wakati. Sharti linalostahili kukubaliwa ni kwamba kodi iwe imelipwa hadi tarehe ya kuondoka na jengo likabidhiwe likiwa tupu, huku madai ya ukarabati yakiachwa yafuatiliwe kando kama deni.