Kinachobebwa na Mshale katika Mchoro wa Mtandao wa Neva Bandia

Mchoro wa mtandao wa neva bandia huwa na duara zilizopangwa katika matabaka, na mishale inayotoka tabaka moja kwenda lingine. Msomaji anayeanza huelekea kuuona mshale kama bomba linalopitisha kitu bila kukibadilisha. Sivyo. Kila mshale una uzito, yaani nambari inayozidishwa kwa thamani iliyotoka katika duara la nyuma. Kinachofika mbele ni zao la nambari hizo mbili.

Mfano mwafaka ni mtandao wa XOR, ambao hutoa 1 pale ambapo ingizo moja tu kati ya mawili ni 1, na vinginevyo hutoa 0. Mchoro wake una duara mbili za ingizo, mbili za tabaka fiche na moja la tokeo, hivyo mishale ni sita. Duara za ingizo hazikokotoi chochote. Hushika data tu. Hesabu yenyewe ni hii:

```
h1 = max(0, x1 + x2)
h2 = max(0, x1 + x2 - 1)
y  = h1 - 2*h2
```

Mishale minne ya mwanzo ina uzito wa 1 kila mmoja; miwili ya mwisho ina 1 na -2. Maingizo yote yakiwa 1, `h1` ni 2 na `h2` ni 1. Mshale wa kwanza unafikisha 2, wa pili unafikisha -2, na tokeo ni 0, kama inavyotakiwa.

Hata hivyo, ile -1 iliyomo katika `h2` haimo katika mshale wowote. Huo ni mwegemeo, nambari inayojumlishwa ndani ya duara, na michoro mingi huuacha. Upungufu huo si mdogo: anayefuata mishale pekee, kwa maingizo 1 na 0, atapata `h2` kuwa 1 badala ya 0, na tokeo -1 badala ya 1. Vilevile `max(0, ...)` haionekani, ingawa bila hiyo matabaka yote mawili yangeweza kufupishwa kuwa moja, na tabaka moja la namna hiyo haliwezi kutatua XOR.

Katika michoro ya masanduku, maana ya mshale hubadilika kabisa. Tuseme sanduku la tabaka fiche lenye duara 128 linapokea picha ya pikseli 784. Mshale unaoingia hubeba orodha nzima ya thamani 784, wala hauna uzito. Uzito wote, 784 × 128, yaani 100,352, pamoja na miegemeo 128, umo ndani ya sanduku. Mtahini anayekutana na mchoro unaochanganya mitindo hii miwili bila maelezo hawezi kukadiria ukubwa wa mtandao. Maelezo chini ya mchoro yanapaswa kutaja mshale unabeba thamani moja au orodha, na ya urefu gani.