Tangazo la Leo, Mteja wa Miezi Sita

Tuseme kampuni inauzia viwanda programu ya mishahara kwa shilingi 600,000 kwa mwaka. Mpango wa matangazo ya kulipia huanzia mwishoni. Ikiwa iko tayari kutumia 200,000 kumpata mteja mmoja, na kati ya watu 100 wanaoacha anwani zao 5 hununua baada ya miezi sita, kila anwani isigharimu zaidi ya 10,000, zikiwemo simu na barua pepe za kufuatilia.

Hatari ni kuhukumu tangazo mwezi wa kwanza. Mwongozo wa bure wa kukokotoa kodi huleta anwani rahisi, nyingi za wanafunzi. Utawajua kwa kuacha wazi nafasi ya jina la kampuni. Waliojiandikisha Januari wahesabiwe Julai: wangapi waliomba kuonyeshwa programu, wangapi walilipa.