Kifurushi Kutoka Ng'ambo: Soma Lebo Kabla Hujatuma Pesa

Mteja wetu mmoja, kinyozi wa Nakuru, alitutumia picha mbili na swali moja: "Nilipe ama nisilipe?" Picha ya kwanza ilikuwa ya lebo ya kifurushi alichoagiza China, mashine tatu za kunyoa. Muuzaji ndiye aliyempigia picha hiyo kabla ya kuukabidhi mzigo kwa posta ya huko. Picha ya pili ilikuwa SMS: kifurushi chako nambari RB580214776CN kimezuiliwa forodhani, tuma shilingi 3,200 kwa nambari hii ya simu kabla ya saa kumi jioni, la sivyo kitarudishwa.

Tulimjibu asilipe. SMS yenyewe iliandikwa vizuri, haikuwa na makosa ya kutushtua. Jibu tulilipata kwenye lebo, na hapa tunakuonyesha tulivyoisoma ili siku yako ikifika usihitaji kutuuliza. (Nambari za vifurushi tumezibadilisha, lakini hesabu ni ile ile.)

Ile nambari ndefu yenye herufi

Lebo ya mteja wetu ilikuwa na nambari RB206147353CN chini ya mistari myeusi ya kuskani. Mashirika ya posta duniani kote hutumia mpangilio huu mmoja: herufi mbili, tarakimu tisa, kisha herufi mbili tena.

Herufi mbili za mwisho ni nchi kilikotoka. CN ni China, DE ni Ujerumani, GB ni Uingereza, AE ni Emirati. Watu wengi hudhani KE itatokea mwishoni kwa sababu mzigo unakuja Kenya, lakini hapana, nambari haibadiliki njiani. Herufi ya kwanza kabisa ndiyo inayokueleza aina ya huduma. R ni kifurushi kidogo kilichosajiliwa, E ni EMS ya haraka, C ni kifurushi cha kawaida kikubwa zaidi, na L ni kidogo kinachoweza kufuatiliwa. Ukiona U, usisumbuke kukitafuta kila siku kwenye mtandao. Huduma hiyo haina ufuatiliaji wa hatua kwa hatua, kwa hivyo mara nyingi utabaki ukisubiri tu.

Sasa angalia zile tarakimu tisa. Nane za kwanza ni nambari yenyewe. Ya tisa ni ya ukaguzi, yaani inatokana na zile nane kwa hesabu maalum, na hapa ndipo tapeli aliyebuni nambari kichwani hunaswa. Unazidisha kila tarakimu kwa uzito wake, uzito ambao haubadiliki kamwe, halafu unajumlisha:

```
nambari:  2  0  6  1  4  7  3  5
uzito:    8  6  4  2  3  5  9  7
jibu:    16  0 24  2 12 35 27 35  = 151
```

Gawanya 151 kwa 11. Inaingia mara 13 na kubaki 8. Toa hiyo 8 kwenye 11, unapata 3. Tarakimu ya tisa kwenye lebo ni 3, kwa hivyo nambari imekubali. (Ukitoa ukapata 10, andika 0. Ukipata 11, andika 5.)

Tulifanya hivyo hivyo na nambari ya kwenye SMS, 58021477. Jumla ikaja 227, ukigawanya kwa 11 inabaki 7, na 11 kutoa 7 ni 4. SMS ilikuwa imeandika 6. Hakuna posta inayoweza kutoa nambari kama hiyo.

Pengine unajiuliza kwa nini tulihangaika na hesabu wakati nambari mbili zilikuwa tofauti waziwazi. Ni kwa sababu tofauti peke yake haitoshi. Maduka ya mtandaoni mara nyingine hubadilisha msafirishaji katikati ya safari, na mzigo wako unapata nambari mpya ambayo hukuwahi kuiona. Pia jua mpaka wa kipimo hiki: nambari ikikataa ni ya uongo au imeandikwa vibaya, lakini ikikubali bado haijathibitisha kwamba ni yako. Tapeli mwerevu anaweza kunakili nambari halali ya mtu mwingine.

Kwa hivyo tuliingiza nambari halisi kwenye ukurasa wa kufuatilia mizigo. Hatua ya mwisho iliyoonekana ilikuwa "Departure from outward office of exchange", maana yake mzigo umeondoka kwenye ofisi ya posta inayotuma nje, yaani ofisi ya huko China. Ukifika Kenya ungesoma "Arrival at inward office of exchange", na ukishikwa na forodha ungesoma "Held by customs" au maneno yanayofanana na hayo. Hapo hadithi ya SMS ikaisha. Forodha ya Kenya haiwezi kuzuia mzigo ambao bado haujatua.

Karatasi ya forodha, na kisanduku kilichotutia wasiwasi

Pembeni mwa lebo kulikuwa na kijikaratasi kilichoandikwa CN22. Hili ni tamko la forodha la vifurushi vidogo vya thamani isiyozidi SDR 300, kitu kama dola 400 hivi. Thamani ikipita hapo hutumika CN23, ambayo ni ukurasa mzima wenye maelezo zaidi ya mtumaji na mpokeaji. Maneno "May be opened officially" yanamaanisha maafisa wana ruhusa ya kukifungua bila kukuuliza. Ukikuta kifurushi kimefungwa upya kwa selotepu nyingine, usikimbilie kusema umeibiwa. Hesabu vitu kwanza, pale pale kaunta.

Kwenye mstari wa bidhaa palikuwa na nambari 851020. Hiyo ni nambari ya HS, na tarakimu zake sita za kwanza zina maana moja karibu kila nchi: 85 ni sura ya mashine na vifaa vya umeme, 8510 ni vya kunyolea, na 851020 ni mashine za kukata nywele. Ndiyo inayoamua kiwango cha ushuru, kwa hivyo ilinganishe na ulichonunua. Mteja wetu alikuwa sawa hapo.

Tatizo lilikuwa mistari miwili ya juu. Muuzaji alikuwa ametia alama kwenye "Gift", zawadi, badala ya "Sale of goods", bidhaa zilizouzwa. Kisha kwenye thamani akaandika dola 12. Mteja wetu alikuwa amelipa dola 72, usafiri bure, na taarifa ya malipo iko kwenye simu yake.

Tunajua wengi hufurahia jambo hili. Muuzaji hata hukuandikia kwa majivuno kwamba "amekusaidia na kodi". Kumbe amekuachia mzigo mwingine. Alama ya zawadi haiondoi kodi yenyewe kwa yenyewe, na afisa wa KRA halazimiki kukubali dola 12. Mashine tatu zinazofanana ndani ya boksi moja hazifanani na zawadi ya shangazi. Atakuuliza risiti, na ukisisitiza bei ambayo unajua si ya kweli, hapo unakuwa umetoa tamko la uongo wewe mwenyewe, si muuzaji aliye mbali. Tulimshauri aende na risiti ya duka na taarifa ya malipo, aseme ukweli kabla hajaulizwa.

Basi ajiandae na pesa ngapi? Tulimfanyia makadirio kwa dola moja kuwa shilingi 129. Dola 72 ni shilingi 9,288. Tuseme ushuru wa bidhaa hiyo ni asilimia 25: shilingi 2,322. VAT ya asilimia 16 hupigwa juu ya thamani pamoja na ushuru, yaani 11,610, inakuja kama 1,858. Ada ya tamko la uagizaji, IDF, ni asilimia 2.5 ya thamani: 232. Tozo ya reli, RDL, ni asilimia 2: 186. Jumla ni karibu shilingi 4,598, na Posta huongeza ada yao ya kushughulikia kifurushi. Kiwango cha dola ni kile KRA wanachotumia siku hiyo, kwa hivyo utaona tofauti kidogo.

Ona jambo la kuchekesha: tapeli aliomba pesa kidogo kuliko kodi yenyewe. Kwa hivyo usitumie wepesi wa bei kama ushahidi kwamba ujumbe ni wa kweli.

Mzigo ukishatua

Posta watakupa ilani, kwa SMS au kikaratasi ndani ya sanduku lako la barua, yenye nambari ya kifurushi na ofisi ya kwenda. Nambari hiyo ilinganishe na lebo yako. Nenda na kitambulisho, ilani, PIN ya KRA, risiti na taarifa ya malipo. Kama uliagiza simu, dawa au vipodozi, uliza mapema kuhusu vibali. Kodi ikishakadiriwa omba hati ya malipo yenye PRN, nambari ya usajili wa malipo. Ndiyo unayoandika kama nambari ya akaunti kwenye Paybill iliyoonyeshwa kwenye hati hiyo. Kabla hujaweka PIN yako ya simu, soma jina linalotokea kwenye skrini. Kodi ya serikali hailipwi kwa nambari ya simu ya mtu, wala kwa Till ya duka.

Kama mzigo umekuja na kampuni binafsi ya kusafirisha, mambo hubadilika kidogo. Lebo yao haina mpangilio wa herufi tuliouona, na kwa kawaida wao ndio hushughulikia forodha kisha wakakutumia bili. Hapo tafuta herufi tatu kwenye karatasi zao au kwenye oda yako. DAP inamaanisha kodi ni yako kulipa. DDP inamaanisha muuzaji ameshachukua jukumu la kodi, hivyo ukidaiwa, mwulize yeye kwanza, kisha ipigie kampuni kwa nambari uliyoitafuta mwenyewe, si ile iliyo kwenye ujumbe.

Na kama ulishatuma pesa ndipo ukasoma makala hii, piga simu huduma kwa wateja sasa hivi, ukiwa na nambari ya muamala mkononi. Pesa ikiwa bado kwenye laini ya aliyepokea, kuna la kufanya. Akishaitoa kwa wakala, kuirudisha ni kazi ngumu sana.