Muhogo uliomenywa na saa zake

Mwenye kibanda cha katogo mjini Busia huinjika sufuria kabla hakujapambazuka, maana wateja wake ni madereva wa malori na waendesha boda boda wanaotaka kula na kuondoka. Muhogo wenye udongo na ganda lake unamhitaji mtu wa kumenya, maji ya kuosha na mahali pa kutupa taka, na alfajiri hana hata kimoja. Ndipo anapopata nafasi mtu wa Mulanda anayemletea mlangoni muhogo uliomenywa, ukaoshwa na kukatwa. Biashara hii inaonekana nyepesi. Wanaoanguka ndani yake, kwa kawaida, ni wale wanaohesabu muda tangu walipomenya, ilhali muhogo wenyewe unahesabu tangu ulipong'olewa.

Kiazi kitamu au kiazi kikuu kikijeruhiwa huweza kuponya jeraha lake na kukaa ghalani wiki kadhaa. Muhogo hauna uwezo huo wa maana. Ukishakatwa shingo kwenye shina, au ncha yake ikibaki ardhini, hewa huingia kwenye jeraha na mzizi huanza kujichoma wenyewe kwa oksijeni. Baada ya siku moja hadi tatu hivi, ukiukata utaona vidoa na michirizi ya buluu-nyeusi kando ya mishipa yake. Muhogo huo haujaoza, hakuna mdudu aliyeuingia. Lakini ukichemshwa unakuwa mgumu, una uchungu wa ajabu, na mwenye kibanda hatakuagiza tena.

Kwa hiyo swali la kwanza sokoni Tororo lisiwe bei. Liwe, "Mama, huu uling'olewa lini?" Na kwa kuwa jibu la sokoni haliaminiki sana, kata mzizi mmoja karibu na shingo, kwani michirizi huanzia pale palipojeruhiwa. Kata na mwingine katikati. Ukiuona weupe mtupu, nunua. Mimi hupendelea zaidi mpango wa kununua shamba kwa shamba: mkulima ang'oe siku ileile mnayokubaliana, na ang'oe kiasi kile tu kilichoagizwa. Muhogo unaweza kumsubiri mnunuzi ukiwa bado ardhini, jambo ambalo nyanya haiwezi.

Mkulima akikubali, kuna hatua nyingine ambayo haigharimu kitu. Wiki mbili au tatu kabla ya kung'oa, akate mashina na kubakiza kisiki kifupi. Mizizi ya mmea uliopogolewa hivyo huchelewa kupata michirizi. Asikate yote kwa pamoja, lakini, maana baadhi ya mihogo hupunguza unga wake na kuwa migumu kuiva kisiki kikisubiri muda mrefu.

Sasa tufuate mzigo mmoja. Muhogo unang'olewa saa nane mchana na kufikishwa kivulini. Saa kumi kazi inaanza. Osha udongo kwanza, ndipo umenye. Ukifanya kinyume, udongo wa ganda unapakwa na kisu juu ya nyama nyeupe. Kata ncha zote mbili, chanja mstari kwa urefu wa mzizi hadi kisu kipite maganda yote mawili, lile la kahawia na lile nene jeupe au la waridi lililo chini yake, kisha ingiza ncha ya kisu na ulivute ganda kwa mzunguko. Pasua vipande, toa uzi wa katikati, na hapo ndipo unapouona moyo wa bidhaa yako: kipande chenye mchirizi kiweke kando, hata kama ni kizuri kwa nje.

Vipande vitumbukizwe mara moja katika maji safi, vizame kabisa. Maji yanazuia hewa, na bila hewa michirizi inasimama. Ila maji yale yale yanafungua mlango kwa bakteria wanaochachusha. Katika joto la mpakani, vipande vilivyokaa majini usiku mmoja bado ni vizuri maji yakibadilishwa. Ikipita siku nzima vinaanza kutoa harufu ya uchachu, maji yanakuwa na ukungu, na kipande kinateleza mkononi. Vikifika siku ya tatu vinalainika, na hiyo ni hatua inayotakiwa na mtengeneza unga, si mpika katogo. Mzigo wetu, basi, ufike Busia jioni ileile, mwenye kibanda aubadilishie maji kabla ya kulala, na saa kumi na moja alfajiri uingie sufuriani. Ukivuka kwenda upande wa Kenya usiufunge kwenye kavera: mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku huko tangu Agosti 2017. Ndoo yenye kifuniko inatosha, na inarudi.

Hesabu ndiyo inayowashangaza wengi. Tuseme, kwa mfano tu, kilo 100 za muhogo mbichi zimekugharimu shilingi 60,000 za Uganda. Maganda yanaweza kuchukua kilo 25, ncha na vipande vibaya kilo 5. Umebaki na kilo 70, na kila kilo imeshakula shilingi 857 kabla ya maji, usafiri na mkono wa mmenyaji. Kilo 10 zikichachuka bila kuuzwa, gharama ya kila kilo iliyouzwa inapanda hadi shilingi 1,000. Anayepanga bei kwa kuongeza kidogo juu ya ile ya gunia anafanya kazi bure. Ndiyo maana nasisitiza oda ya jana yake: kilo 40 zenye mwenyewe zina faida kuliko 70 za kutembeza.

Limebaki jambo ambalo halivumilii kubahatisha. Muhogo una kemikali ambayo, seli zake zinapovunjika, huzaa sianidi. Kiwango cha kimataifa huuita muhogo mtamu ule wenye chini ya miligramu 50 za sianidi kwa kilo ya mzizi mbichi, na huo pekee ndio wa kumenya na kuchemsha. Mchungu unafaa kwa unga baada ya kuchachushwa na kukaushwa sawasawa. Kuchemsha vipande vikubwa vya muhogo mchungu hakuuokoi, wala kulaza vipande majini usiku mmoja. Ulimi husaidia, lakini ukame unaweza kupandisha sumu hata katika mbegu ileile. Usichanganye, basi, mizigo ya mashamba mawili kwenye beseni moja, na ujue jina la mbegu ya kila shamba. Septemba 2017, huko Kasese, watu 98 waliugua na wawili wakafa kwa unga wa muhogo. Ule ulikuwa unga, lakini muuzaji wa muhogo mbichi naye anapaswa kuweza kutaja shamba alikotoa kila ndoo. Mwambie mpishi pia achemshe kwa maji mengi bila kufunika, na ayamwage.

Maganda yana sumu zaidi ya nyama ya mzizi. Mbuzi na nguruwe wapewe baada ya kuyaanika yakakauka, si mabichi kutoka kwenye rundo.

Vipande vyeupe ambavyo havijapata mnunuzi vikatwe vyembamba na kuanikwa siku hiyohiyo viwe makopa. Wakati wa jua kali njia hii hurudisha sehemu ya fedha. Mvua za Aprili zikiwa zimekaza, makopa huota ukungu kabla hayajakauka, na kwa wakati huo dawa pekee ni kung'oa kidogo zaidi.