Athari ya Kalenda katika Tafsiri ya Matokeo ya Utazamaji ya Kila Wiki

Ramadhani hutangulia kwa takribani siku 11 kila mwaka katika kalenda ya miladia. Tarehe 4 hadi 10 Machi zilikuwa kabla ya mfungo mwaka 2024, lakini mwaka 2025 ziliangukia ndani yake. Kwa tamthilia inayorushwa Zanzibar saa 1 usiku, kulinganisha wiki hizo kunapotosha, kwani baada ya futari wengi huelekea tarawehe. Utazamaji ukipungua saa hiyo na kuongezeka kuelekea daku, watazamaji wamehama saa, hawakupotea. Kipimo sahihi ni wiki ileile ya mfungo uliopita. Mtihani wa kidato cha nne hufanyika Novemba na likizo hufuata Desemba. Ongezeko la Desemba lipimwe dhidi ya Desemba iliyotangulia, si Novemba.