"Wengi walikosa": wangapi, na walikosaje?

Tuseme mwalimu tarajali aliye kwenye mazoezi ya kufundisha ameandika hivi katika shajara yake: "Leo nilifundisha Darasa la Tano kujumlisha sehemu. Nilitoa mifano mitatu ubaoni, kisha zoezi. Wanafunzi wengi walikosa, nikahuzunika sana. Nimejifunza kwamba mwalimu anapaswa kutumia zana."

Ni maandishi nadhifu, yana hisia na yanaishia kwenye funzo. Lakini mkufunzi akiyapitia sentensi moja moja, akiandika pembeni T kwa tukio, S kwa sababu na F kwa funzo, atapata T tatu na F moja. S haipo. Huzuni nayo ni tukio, ingawa limetokea moyoni.

Graham Gibbs, aliyeeleza mzunguko wa tafakuri mwaka 1988, aliupa uchambuzi hatua yake ya pekee, ya nne kati ya sita, baada ya maelezo, hisia na tathmini. Mwandishi wetu ameiruka.

Na hizo zana zimetoka wapi? Hazikutajwa popote kabla ya sentensi ya mwisho. Mkufunzi anaweza kulifunika simulizi kwa karatasi na kusoma funzo peke yake: likifaa pia kwa somo la jiografia au Kiswahili, basi halikutoka katika kipindi hiki. Yaelekea limetoka katika madaftari ya chuoni.

Hapo kishawishi ni kumwandikia uchambuzi. Afadhali aulizwe tu: wengi ni wangapi, na waliandika nini?

Swali hilo linamrudisha kwenye madaftari. Anakuta 26 kati ya 41 wameandika 1/2 + 1/3 = 2/5. Wamejumlisha kiasi kwa kiasi na asili kwa asili, wala hawakuona kwamba jibu lao ni dogo kuliko nusu waliyoanza nayo. Anafungua andalio la somo: mifano yote mitatu ilikuwa na asili zinazolingana, kama 1/5 + 2/5, na hakuna mahali alipoeleza kwa nini asili ile haikujumlishwa.

Sasa ana sababu ya kuandika, na funzo linabadilika: kipindi kijacho wanafunzi watakunja karatasi mbili zinazolingana, moja nusu na nyingine theluthi, waone kwamba vipande havilingani kabla ya kuvijumlisha. Karatasi ni zana pia, ila safari hii inajibu kosa linaloonekana daftarini.

Bado mkufunzi asimruhusu kudai kwamba mifano ndiyo iliyosababisha kosa. Huenda watoto walikuja nalo kutoka Darasa la Nne. Aandike "huenda", kisha awaombe watatu wanne waeleze kwa mdomo walivyofikia 2/5, na maneno yao ayanukuu katika shajara ya siku inayofuata.